Alkoholi Kwenye Losheni: Ipi Inakausha Ngozi, Ipi Inailainisha

Chukua chupa ya losheni nzito iliyoko nyumbani kwako, igeuze, usome maandishi madogo ya nyuma. Huenda ukakuta Cetearyl Alcohol, Cetyl Alcohol au Stearyl Alcohol miongoni mwa majina ya mwanzo mwanzo. Wengi wakifika hapo hushtuka. Wameshaambiwa na rafiki, na muuza vipodozi, hata na mtu wa saluni, kwamba alkoholi inakausha ngozi, na sasa wanaikuta imeandikwa waziwazi kwenye losheni waliyonunua ili ngozi isikauke.

Nimemwona mama akirudisha kopo la krimu duka la dawa kwa sababu hiyo hiyo. "Dada, hii ina spiriti, siwezi kumpaka mwanangu," alisema, kidole kikiwa juu ya neno lenyewe. Muuzaji alimjibu kwa upole, "Mama, hiyo si spiriti, hiyo ni ya kulainisha," lakini hakuweza kueleza kwa nini, na mama akaondoka na mafuta ya mgando badala yake. Hakukosea kununua mafuta ya mgando, ni kinga nzuri ya ngozi. Alichokikosa ni maelezo, na maelezo yenyewe si magumu.

Kwa mkemia, alkoholi si kitu kimoja. Ni familia kubwa ya molekuli zinazofanana kwa jambo moja tu: kila moja ina kaboni iliyobeba oksijeni na haidrojeni zikiwa pamoja, kipande kinachoandikwa OH. Kipande hicho kinapenda maji. Kinachobaki cha molekuli ni mnyororo wa kaboni, na mnyororo unapenda mafuta. Tabia ya alkoholi hizi inaamuliwa kwa sehemu kubwa na urefu wa huo mnyororo.

Ethanoli, ambayo ndiyo iliyomo kwenye bia, konyagi na vitakasa mikono, ina kaboni 2. Mnyororo wake ni mfupi kiasi kwamba kile kipande kinachopenda maji kinatawala, kwa hiyo ethanoli inachanganyika na maji kwa kiwango chochote, na inachemka kwa nyuzijoto 78, mapema kuliko maji. Ndiyo maana inapukutika upesi mkononi na kuacha ubaridi: inapogeuka mvuke inaondoka na joto la ngozi. Ya pili wake, Isopropyl Alcohol, ina kaboni 3, na tabia zao zinakaribiana sana.

Sasa nenda upande wa pili wa familia. Cetyl Alcohol ina kaboni 16, Stearyl Alcohol ina 18, na Cetearyl Alcohol ni mchanganyiko wa hizo mbili. Hapa mnyororo umeshinda. Hazichanganyiki na maji, hazina harufu ya spiriti, hazilewesh­i wala hazipukutiki. Kiwandani zinafika zikiwa vipande vyeupe kama mshumaa ulioparuzwa, na Cetyl Alcohol haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzijoto 49. Hizi ndizo alkoholi za mafuta. Mkemia Mfaransa Michel Chevreul aliipata Cetyl Alcohol mwaka 1817 kwa kuipasha nta ya kichwani mwa nyangumi pamoja na potasi kali. Siku hizi nyangumi ameachwa, na malighafi kubwa ni mafuta ya mawese na ya nazi, ingawa nyingine hutengenezwa kutokana na petroli.

Kwa nini watengenezaji wanazipenda hivyo? Krimu ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji, na vitu hivyo viwili vikiachwa peke yao vinaachana. Inahitajika dawa ya kuviunganisha. Alkoholi ya mafuta inafanya kazi bega kwa bega na dawa hiyo: inajipanga kwenye mpaka wa mafuta na maji, kipande cha OH kikielekea majini na mnyororo ukielekea kwenye mafuta, na kujenga matabaka membamba yanayolizunguka kila tone. Matabaka hayo yanashika maji katikati yake, na ndiyo yanayoipa krimu uzito wake. Ukishajipaka na maji yakakauka, alkoholi hiyo inabaki juu ya ngozi, inapunguza unyevu unaotoroka, na inaifanya ngozi ya juu iwe laini kuguswa.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye dawa, si kwenye vipodozi. Vitabu vya dawa vya Uingereza vina krimu ya kale ya hospitali inayoitwa Aqueous Cream, ambayo kanuni yake iko hadharani. Katika gramu 100 za krimu hiyo, maji ni gramu 69, kihifadhi cha Phenoxyethanol ni gramu 1, na gramu 30 zilizobaki ni marhamu. Ukiichambua hiyo marhamu unakuta mafuta ya mgando meupe gramu 15, mafuta ya parafini ya maji gramu 6, na nta ya kuunganishia gramu 9. Nta hiyo nayo ni mchanganyiko wa vitu viwili: sehemu tisa ni alkoholi ya mafuta, iliyoandikwa kwa jina la kifamasia Cetostearyl Alcohol, ambayo ni ile ile Cetearyl Alcohol ya kwenye losheni, na sehemu moja ni Sodium Lauryl Sulfate, kitu cha kutoa povu kinachopatikana pia kwenye sabuni na dawa za meno. Maana yake, kwenye gramu 100 za krimu kuna gramu 8.1 za alkoholi ya mafuta na gramu 0.9 tu za kitoa povu.

Kwa miaka mingi krimu hiyo ilitolewa kwa watoto wenye pumu ya ngozi, ipakwe na iachwe. Baadhi yao walilia. Ngozi iliwasha, iliuma, ikawa nyekundu, mara nyingi ndani ya dakika 20 baada ya kupakwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath waliwapaka watu wazima wenye ngozi nzima krimu hiyo kila siku kwa wiki 4, na wakakuta tabaka la juu la ngozi limepungua unene kwa zaidi ya asilimia 10. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ikatoa tahadhari kwa madaktari na wazazi.

Mtu anayesoma lebo kwa haraka angeinyooshea kidole gramu 8.1 za kile kilichoandikwa Alcohol. Mshukiwa mkuu alikuwa zile gramu 0.9 za kitoa povu. Sodium Lauryl Sulfate inang'oa mafuta ya asili yaliyoko kati ya seli za ngozi, na ngozi ya mwenye pumu ya ngozi haina akiba ya mafuta hayo. Krimu nyingine nyingi zinazovumilika vizuri na ngozi hizo hizo zina alkoholi ya mafuta kwa wingi, ila zimeunganishwa kwa dawa nyingine iliyo pole. Kisa hiki kinanifanya niwasihi wazazi wasiishie kwenye neno moja wanaposoma lebo ya krimu ya mtoto.

Tukirudi kwa alkoholi fupi, malalamiko dhidi yake yana msingi. Kati ya seli za tabaka la juu la ngozi kuna mafuta ya asili yanayozuia maji yasitoroke na uchafu usiingie. Ethanoli inayeyusha sehemu ya mafuta hayo. Ukijifuta mara moja, ngozi inajijenga tena bila wewe kujua. Ukijifuta asubuhi na jioni, siku baada ya siku, kwa tona yenye ethanoli nyingi, unabomoa haraka kuliko ngozi inavyojenga. Dalili zake zinafahamika: uso unavutika dakika chache baada ya kujifuta, unapauka kuzunguka pua na mdomo, sabuni na krimu ulizozizoea zinaanza kuuma, na jasho likikushika uso unawasha.

Wenye chunusi na vipele vya ndevu ndio wanaoumizwa zaidi, kwa sababu wao ndio wanaouziwa tona kali. Kijana anaambiwa kwamba ikiuma ndipo inapofanya kazi. Si kweli. Ethanoli inaua vijidudu vizuri ikiwa kati ya asilimia 60 na 80 hivi, na ikishuka sana chini ya hapo nguvu hiyo inaporomoka. Tona nyingi ziko chini ya kiwango hicho, kwa hiyo zinaiumiza ngozi bila kuisafisha kwa maana ya kitabibu. Vipele vya ndevu navyo, kwa watu wenye nywele za kujikunja, vinasababishwa hasa na unywele ulionyolewa karibu mno ukajipinda na kuchoma ngozi ukirudi ndani. Spiriti anayoipaka kinyozi baada ya kunyoa haiwezi kuuzuia unywele usijipinde. Ikiwa unataka kinyozi atumie spiriti, mwambie asafishie mashine kabla hajakugusa. Huko ndiko inakohitajika.

Hata hivyo si haki kuihukumu ethanoli kila inapoonekana. Inawekwa kwa sababu zake. Asidi ya salisiliki, dawa nzuri ya chunusi, haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, ila inayeyuka kwenye ethanoli. Baadhi ya kinga za jua zinakuwa nyepesi na kukauka upesi kwa sababu yake, na mtu mwenye ngozi ya mafuta anayeishi Mombasa au Dar es Salaam ataivumilia kinga ya namna hiyo kuliko ile nzito inayoyeyuka kwa jasho. Kinga ya jua unayoipaka kila siku ni bora kuliko ile isiyo na ethanoli iliyobaki kabatini.

Vitakasa mikono vinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza lita 10 za kitakasa inataka mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na mililita 145 za glisirini ya asilimia 98, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotoneshwa, kujazia mpaka lita 10. Glisirini haiui vijidudu. Imewekwa ili ishike maji kwenye ngozi, isaidie kurudisha kile ethanoli inachokiondoa. Miongozo ya shirika hilo inaeleza kwamba kitakasa kilichotengenezwa vizuri kinavumilika na ngozi za wahudumu wa afya kuliko kunawa kwa sabuni kila mara. Na glisirini yenyewe, kwa kemia, ni alkoholi, tena ina vipande vitatu vya OH.

Kwa hiyo unapoishika lebo unatafuta mambo mawili: jina gani, na liko wapi kwenye orodha. Jina lenyewe linasomeka hivi. Ukikuta Alcohol peke yake, Alcohol Denat., Ethanol, SD Alcohol ikifuatiwa na namba, au Isopropyl Alcohol, hiyo ni ile fupi, ya kukausha. Denat. maana yake imetiwa kitu, mara nyingi chenye uchungu mkali, ili mtu asiinywe. Ukikuta neno lingine mbele ya Alcohol lenye asili ya mafuta, yaani Cetyl, Stearyl, Cetearyl, Cetostearyl, Behenyl au Myristyl, hiyo ni ya kulainisha. Jihadhari na kitu kimoja: Isopropyl Myristate na Isopropyl Palmitate si spiriti. Hayo ni mafuta mepesi, na kufanana kwa jina la kwanza kusikutishe.

Mahali pa jina ndipo penye siri kubwa zaidi. Kwa kanuni zinazofuatwa Ulaya na nchi nyingi, viambato vinapangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, mpaka vifike asilimia 1. Chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga anavyotaka. Mpaka huo hauchorwi kwenye lebo, lakini unaweza kuukisia. Tafuta Phenoxyethanol, kihifadhi kinachotumika sana, ambacho sheria ya Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1. Chochote kilichoandikwa baada yake hakizidi asilimia 1.

Tujaribu na orodha niliyoitunga kwa kufuata mpangilio wa losheni nyingi za dukani:

Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Glyceryl Stearate, Ceteareth-20, Dimethicone, Phenoxyethanol, Parfum, Alcohol, Benzyl Alcohol, Linalool

Maji yanaongoza, yakifuatwa na mafuta ya parafini na glisirini. Cetearyl Alcohol iko ya nne, mahali pake pa kawaida, ikishirikiana na Glyceryl Stearate na Ceteareth-20 kuunganisha maji na mafuta. Baada ya Phenoxyethanol unakuta Alcohol peke yake, yaani ethanoli. Iko chini ya mpaka, kiasi kidogo ambacho huenda kimeingia pamoja na manukato, na kitapukutika kabla hujafunga chupa. Losheni hii haitakukausha. Kama kuna kitu cha kukifikiria kwenye orodha hii ni Parfum, Benzyl Alcohol na Linalool. Benzyl Alcohol si ya kundi la spiriti wala si ya mafuta. Ni kihifadhi na harufu, na pamoja na Linalool imo kwenye vitu ambavyo Ulaya inalazimisha vitajwe kwa jina vikizidi kiwango kidogo sana, kwa kuwa watu wachache huvipatia mzio.

Sasa linganisha na hii ya tona:

Aqua, Alcohol Denat., Glycerin, Salicylic Acid, Menthol, Parfum

Alcohol Denat. ni ya pili baada ya maji. Hapa ethanoli ni nguzo ya bidhaa. Glisirini iliyo baada yake inapunguza makali, ila haiyafuti. Mwenye ngozi nene yenye mafuta anaweza kuitumia mara chache kwa wiki kwenye chunusi zenyewe. Mwenye ngozi kavu, mwenye pumu ya ngozi, au anayetumia dawa za chunusi zinazochubua, nashauri airudishe rafuni.

Unaweza kuthibitisha mkononi pia. Weka tone nyuma ya kiganja. Likiwa baridi papo hapo, likanuka spiriti na kutoweka kabla hujamaliza kulisambaza, ethanoli ni nyingi. Krimu ikiacha michirizi meupe inayogoma kupotea unapoisugua, na baadaye ngozi ikawa na mguso wa nta, mara nyingi alkoholi za mafuta na viunganishi vyake vimezidi. Hiyo ni kasoro ya utengenezaji, haina madhara, na kwa ngozi nyeusi inakera kwa sababu michirizi inaonekana.

Maandishi ya mbele ya chupa yanahitaji uangalifu wake. Nchini Marekani, FDA inaeleza kwamba kipodozi kinachotangazwa Alcohol Free kwa desturi hakina ethanoli, lakini kinaweza kuwa na Cetyl, Stearyl, Cetearyl au Lanolin Alcohol. Kwa hiyo ukikuta Alcohol Free mbele na Cetearyl Alcohol nyuma, hujadanganywa.

Waislamu wengi wa pwani huuliza swali la ziada, kama krimu yenye jina hilo inafaa kupakwa na kuswaliwa. Hukumu ni ya wanazuoni. Kemia inaweza kuwapa taarifa mbili za kuwasaidia: alkoholi za mafuta hazilewesh­i na hazitokani na uchachushaji wa vileo, na kinachostahili kuulizwa kwa mtengenezaji ni kama mafuta yaliyotumika ni ya mmea au ya mnyama, kwa kuwa lebo haisemi.

Pamoja na wema wao, alkoholi za mafuta haziwafai watu wote. Wapo wachache wanaopata mzio wa Cetearyl Alcohol, hasa wenye vidonda vya miguu vya muda mrefu wanaopakwa krimu moja kwa miezi. Lanolin Alcohol, inayotokana na mafuta ya sufi ya kondoo, inajulikana zaidi kwa mzio. Dalili yake haifanani na ukavu: eneo lililopakwa linawasha, linavimba na kutoa vipele, mara nyingi siku moja au mbili baada ya kupaka, na linazidi kila unapopaka. Hapo acha krimu, na umpelekee daktari wa ngozi chupa yenyewe ili aisome orodha. Kumweleza rangi ya kopo hakumsaidii.

Na watoto wadogo wasifutwe spiriti mwilini, hata wakiwa na homa. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, spiriti inapenya na mvuke wake anauvuta, na wapo watoto waliopata sumu kwa njia hiyo. Homa inashushwa kwa dawa ya kipimo chake na kwa kumfikisha kituo cha afya.

Haya yote yanawezekana tu pale orodha ilipo. Krimu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo, losheni zilizohamishiwa kwenye chupa nyingine na mikorogo ya saluni hazina orodha, na huko huwezi kujua kama unachopaka ni Cetearyl Alcohol, spiriti au zebaki. Muuzaji akishindwa kukuonyesha majina ya viambato, usinunue.